Elimu Haizibi Kila Pengo: Jedwali la Wadau na Mradi wa Maji wa Kijiji

Mradi wa maji wa kijiji ukisuasua, maelezo ya kwanza yatakayoandikwa kwenye taarifa ni kwamba wananchi hawana uelewa, na pendekezo la kwanza ni kwamba wapewe elimu. Wataalamu wanarudi kijijini, mkutano unaitwa chini ya mwembe, maelezo yanatolewa, watu wanapiga makofi na kutawanyika. Halafu mambo yanabaki vilevile, kwa sababu nusu ya watu waliokuwa pale walikuwa wanaujua mradi vizuri tangu mwanzo. Waliukataa kwa sababu waliuelewa.

Wasimamizi wa miradi wana jedwali moja dogo linalosaidia kuliona kosa hilo kabla fedha hazijatumika. Lilienea sana baada ya taasisi ya PMI ya Marekani kuwapa wadau sura yao wenyewe katika mwongozo wake, PMBOK, toleo la 5 la mwaka 2013. Kila mdau anapewa mstari mmoja, na juu yake kuna safu tano: asiyejua kwamba mradi upo au utamgusa vipi, anayejua na anaupinga, anayejua lakini hana upande, anayeunga mkono, na anayeongoza, yaani anayetumia jina lake, muda wake na nguvu zake kuhakikisha mradi unafanikiwa. Kwenye kila mstari unaweka alama mbili. Moja inaonyesha mdau alipo leo, nyingine inaonyesha pale mradi unapomhitaji awe. Umbali kati ya alama hizo ndio pengo, na kila pengo linaandikiwa hatua ya kuliziba.

Kuchora jedwali ni kazi ya dakika chache. Ugumu uko kwenye kujua alama ya kwanza iwekwe wapi, na kwenye kujua ni nini kilichomweka mdau pale alipo. Nitalijaza hapa kwa mfano niliouunda mwenyewe, ingawa mazingira yake yatafahamika kwa yeyote aliyeishi kijijini Tanzania.

Chukua kijiji cha watu 1,200 chenye kisima kirefu, pampu ya umeme wa jua, tangi, na vilula 6 vya kuchotea maji. Kinaendeshwa na chombo cha watumia maji kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya mwaka 2019, sheria ileile iliyoanzisha RUWASA. Kwa sasa kila kilula kina mhudumu anayepokea shilingi 50 kwa dumu la lita 20 na kuandika kwenye daftari. Fedha zinazofika kwenye akaunti hazitoshi hata kununua koki mpya. Mradi unataka kufunga mita za malipo ya kabla, zinazofanya kazi kama LUKU ya umeme: mtu anajaza salio kwenye kadi yake, anaigusisha kwenye kilula, maji yanatoka na salio linapungua. Bei itashuka hadi shilingi 25 kwa dumu, maana yake shilingi 1,250 kwa uniti moja ya lita 1,000.

Hesabu ni nzuri. Kaya inayochota madumu 6 kwa siku inalipa shilingi 9,000 kwa mwezi, na itakuwa inalipa 4,500. Nani angekataa? Hapo ndipo jedwali linapoanza kufanya kazi. S ni pale mdau alipo sasa, na L ni lengo.

| Mdau | Hajui | Anapinga | Hana upande | Anaunga mkono | Anaongoza |
|---|---|---|---|---|---|
| Wanawake wachota maji | S | | | L | |
| Wahudumu wa vilula | | S | L | | |
| Wafugaji wenye makundi makubwa | | S | | L | |
| Mwenyekiti wa kijiji | | | S | | L |
| Mwalimu mkuu wa shule ya msingi | | | | S, L | |
| Mhandisi wa wilaya | | | | L | S |

Kwenye mkutano mkuu wa kijiji wanawake walinyoosha mikono kukubali, kwa hiyo mtu mwenye haraka angeiweka S yao kwenye safu ya kuunga mkono. Mkono ulionyooshwa mkutanoni ni ushahidi dhaifu. Unaonyesha kwamba mtu hakutaka kuonekana amekataa mbele ya viongozi na majirani. Ushahidi wenye uzito ni kile mtu anachofanya kwa fedha zake, muda wake na jina lake: amejiandikisha kupata kadi? Amemtuma mtoto kuuliza bei? Anaweza kumweleza jirani yake jinsi kadi inavyotumika? Ukienda kilulani alfajiri na kuuliza, utagundua kwamba wengi walichokubali ni bei ya shilingi 25. Namna ya kulipa hawakuijua. Ndiyo maana S yao iko kwenye safu ya kwanza.

Elimu basi inafaa hapa, lakini ina hatari ambayo wengi hawaitarajii. Mtu asiyejua, akishajua, si lazima aelekee kwenye kuunga mkono. Anaweza kuingia moja kwa moja kwenye safu ya pili. Muulize mama mmoja swali rahisi: "Mama, siku ambayo huna hela, maji unachotaje?" Atakujibu kwamba anachukua dumu lake, mhudumu anaandika kwenye daftari, analipa akiuza mboga. Huo ni mkopo mdogo ambao haupo kwenye mchoro wowote wa mhandisi, na ndio unaozipitisha kaya nyingi katika siku za mwisho wa msimu. Mita haikopeshi. Kadi ikiisha salio, maji hayatoki hata kama mtoto ana homa. Kuna na jambo la pili: salio linanunuliwa kwa simu, na nyumba nyingi zina simu moja, na simu hiyo mchana iko mfukoni mwa baba.

Kwa hiyo hatua ya kuziba pengo la wanawake haiwezi kuwa mkutano mwingine. Kwanza kilula kimoja kifungwe mita na kijaribiwe wiki mbili, kila kaya ikipewa nafasi ya kuchota kwa kadi ikiwa na salio dogo la majaribio. Pili, salio liuzwe pia kwa fedha taslimu dukani kwa wakala, kuanzia shilingi 200. Tatu, wakala apewe na chombo cha maji kadi ya dharura ya kukopesha hadi madumu 8 kwa kaya, yatakayolipwa mtu akijaza salio tena. Madumu 8 ni shilingi 200 tu, lakini ndiyo yanayochukua nafasi ya daftari. Alama ya kwamba pengo linapungua ni idadi ya wanawake waliochukua kadi kwa majina yao na kujaza salio mara ya pili bila kukumbushwa. Kujaza mara ya kwanza kunaweza kuwa udadisi.

Daftari hilohilo linatuleta kwa wahudumu. Kila mmoja anabaki na sehemu ya tano ya makusanyo. Kijiji kizima kikichota madumu 1,200 kwa siku, kila kilula kinapata wastani wa madumu 200, yaani shilingi 10,000, na mhudumu anabaki na 2,000. Kwa mwezi ni shilingi 60,000. Mita ikifungwa, fedha hiyo inakwisha. Mara nyingi wahudumu wanaelezwa kuwa wanapinga kwa sababu wanaiba. Huenda wapo wanaoficha sehemu ya makusanyo, lakini maelezo hayo yanaufumba macho mradi, kwa sababu mhudumu mwaminifu kabisa naye anapoteza shilingi 60,000 zilezile. Ukimpa semina kuhusu faida za teknolojia, utakuwa unamweleza kwa undani zaidi jinsi atakavyokosa riziki.

Angalia sasa L yao. Haiko kwenye kuunga mkono. Imewekwa kwenye safu ya kutokuwa na upande, na imewekwa hapo kwa makusudi. Jedwali nyingi zinaharibika kwenye kipengele hiki: aliyejaza anatamani kila mtu aunge mkono, anapiga mstari wa L upande wote wa kulia, halafu hana fedha wala muda wa kuwavuta wote hadi huko. Swali la kujiuliza ni dogo zaidi: mradi unahitaji nini kutoka kwa mdau huyu ili usianguke? Kutoka kwa wahudumu unahitaji wasieneze uvumi kwamba mita zinakula salio, wasiziharibu, na wakabidhi madaftari yenye orodha ya wanaodaiwa. Hawahitaji kuushangilia.

Hatua zake ni za fedha na za kazi. Wahudumu wawili wawe mawakala wa kuuza salio kwa kamisheni, maana wanajulikana na kila kaya na wanajua nani analipa lini. Mmoja aajiriwe kukagua vilula, kusafisha na kutoa taarifa za uvujaji. Watatu waliobaki wapewe malipo ya miezi mitatu, shilingi 180,000 kila mmoja, jumla 540,000, nayo iingizwe kwenye bajeti ya mradi tangu mwanzo. Kiasi hicho ni kidogo kikilinganishwa na gharama ya kurudisha mita iliyopigwa jiwe. Ushahidi kwamba S yao imesogea ni madaftari kukabidhiwa. Mhudumu anayeng'ang'ania daftari bado anaamini kwamba mita zitashindwa na yeye atarudi.

Wafugaji nao wako kwenye safu ya kupinga, lakini upinzani wao una mzizi mwingine. Hapa ndipo jedwali linaweza kumdanganya msomaji, kwa kuwa alama mbili zilizokaa safu moja zinaonekana kama tatizo moja. Katika kijiji chetu kuna kaya 4 zenye ng'ombe wapatao 30 kila moja. Ng'ombe mmoja kwenye joto anakunywa lita 40 hivi kwa siku. Ng'ombe 30 ni lita 1,200, sawa na madumu 60. Kwa sasa mfugaji analipa shilingi 5,000 kwa mwezi kwa makubaliano ya zamani. Kwa bei ya mita atalipa 1,500 kwa siku, yaani 45,000 kwa mwezi. Mara tisa! Bei iliyopungua kwa nusu kwa mama mwenye dumu ni bei iliyopanda mara tisa kwa jirani yake mwenye mifugo, na wote wawili wamekaa kwenye mkutano mmoja wakisikiliza tangazo lilelile la punguzo.

Wapo watakaosema wafugaji ni wachache na wana mali, walipe. Siafiki, kwa sababu mbili. Mfugaji asiyemudu bei hataacha kunywesha ng'ombe. Atawapeleka kwenye bomba usiku na kulikata, au atawaleta kwenye majaruba ya vilula ambako wataacha matope na kinyesi mahali watoto wanapochota. Na hoja yake ya haki ina msingi wa kihistoria. Wazee wa kijiji wanakumbuka mpango wa miaka 20 ulioanza mwaka 1971, ulioahidi maji ndani ya mita 400 kwa kila mwananchi ifikapo 1991, na maji yenyewe yalikuwa ya bure. Sera ya mwaka 1991 ikaleta uchangiaji, na ile ya 2002 ikaweka gharama za uendeshaji mikononi mwa jamii. Kwa mzee aliyechimba mtaro wa bomba kwa mikono yake enzi hizo, mita ni hatua ya tatu ya ahadi ileile kupunguzwa. Hayo hayatatuliwi kwa kumweleza faida za kulipa.

Linalotatua ni kuubadilisha mradi. Pampu ya jua hutoa maji mengi zaidi jua likiwa kali. Tuseme kisima chetu kinatoa uniti 6 kwa saa kwa saa 6, jumla uniti 36 kwa siku. Kiwango cha sera ya 2002 ni lita 25 kwa mtu kwa siku, kwa hiyo watu 1,200 wanahitaji uniti 30. Mifugo ya kaya 4 inahitaji 4.8. Yanatosha, kwa shida. Yatatosha ikiwa mifugo itanyweshwa wakati tangi limejaa, tuseme kati ya saa 7 na saa 9 mchana, kwenye mbauti iliyojengwa mbali na vilula na yenye mita yake kubwa. Bei ya mbauti inaweza kuwa shilingi 500 kwa uniti. Mfugaji atalipa 600 kwa siku, karibu 18,000 kwa mwezi, na aruhusiwe kulipa kwa robo mwaka baada ya kuuza ng'ombe mnadani. Bado ni zaidi ya mara tatu ya anacholipa leo, na kwenye mazungumzo atasema hivyo. Lakini sasa anapata mbauti, saa maalumu, na maji yasiyogombaniwa na foleni ya madumu. Hapo kuna kitu cha kujadiliana, na kwa hiyo L yake kwenye kuunga mkono ina msingi.

Zingatia kwamba pengo la wafugaji limezibwa kwa kumsogeza mradi, na mdau kakaa pale pale. Jedwali lenyewe halina safu ya jambo hilo. Limetengenezwa kana kwamba anayepaswa kuhama daima ni mdau. Ndiyo sababu napendekeza kuongeza safu moja upande wa kulia, ya sababu: kwa nini S iko hapo? Ikiwa jibu ni "hajaambiwa", mpe taarifa. Ikiwa ni "atapoteza", ongea naye kuhusu hasara yake. Ikiwa ni "hamwamini anayesema", badilisha msemaji.

Sababu hiyo ya mwisho inahusu mistari miwili ya viongozi. Mwenyekiti wa kijiji anasema waziwazi kwamba anaunga mkono, tena kwa hotuba nzuri. Ila tangazo la mkutano wa mita lilitoka jana yake jioni, na kwenye mkutano wenyewe alimpa mhandisi kipaza sauti na kukaa. Anaogopa kukumbukwa kama mwenyekiti aliyeleta kulipia maji kwa mashine, na viongozi wa vijiji huchaguliwa kila miaka 5. Uchaguzi uliopita ulikuwa Novemba 2024. Hofu yake ni halali. Atakachohitaji ni jambo la kusimama nalo mbele ya watu, na kizuri kuliko yote ni mahesabu: mapato ya mita na matumizi yake yabandikwe ofisini na yasomwe na yeye mwenyewe kwenye mkutano mkuu kila miezi 3. Kiongozi anayesoma hesabu zilizo wazi anapata sifa ambayo daftari la wahudumu halikuweza kumpa.

Mhandisi wa wilaya ana tatizo la kinyume. Anaongoza kuliko anavyotakiwa. Anaitisha mikutano, anajibu maswali yote, anagombana na wafugaji, na kila anapofanya hivyo kijiji kinauona mradi kuwa wa wilaya. L yake iko kushoto kwa S. Pengo la kurudi nyuma ni gumu kuliandika kwenye taarifa, maana ni nani atamwambia bosi apunguze bidii? Linaandikwa kwa lugha ya kazi: mkutano ujao utaongozwa na mwenyekiti, mhandisi ataalikwa kujibu maswali ya kiufundi pekee. Mwalimu mkuu hana pengo. Anachohitaji ni kuendelea kuona shule ikipata maji, na atembelewe mara moja kwa muhula asije akasahaulika akateleza kushoto kimyakimya.

Kuna tahadhari moja kuhusu karatasi yenyewe. Jedwali lenye neno "anapinga" mbele ya jina la mtu likionekana ofisini kwa mtendaji litamfanya awe mpinzani wa kweli. Liandikwe kwa makundi pale inapowezekana, likae kwa watu wachache, na liandikwe kwa namna ambayo mdau mwenyewe akilisoma ataona sababu yake imeelezwa kwa haki. Kila alama iwe na tarehe na ushahidi wake. S isiyo na tarehe haina maana, kwa kuwa wadau huhama. Mvua ikinyesha na visima vifupi vikajaa, hata waungaji mkono huacha kujaza kadi.

Baada ya miezi 3 jedwali linajazwa upya. Kwenye kijiji chetu cha mfano, tuseme wanawake wamefika kuunga mkono kwenye vilula viwili vilivyo karibu na maduka ya mawakala, lakini kwenye vilula vinne vya pembezoni bado hawana upande kwa sababu wakala yuko mbali. Mstari mmoja umegawanyika kuwa miwili, na ndivyo inavyopaswa. Wahudumu watano wamekabidhi madaftari, mmoja bado. Mwenyekiti amesoma hesabu mara moja. Wafugaji wameafiki bei ya mbauti kwa mdomo, lakini mbauti haijajengwa, kwa hiyo S yao inabaki palepale kwenye kupinga. Kwa jedwali hilo, uamuzi wa kamati uko wazi: mita zifungwe sasa kwenye vilula viwili, wakala wa tatu atafutwe upande wa pembezoni, na fedha za mita nne zilizobaki zisiguswe hadi fundi mwashi amalize mbauti na ng'ombe wanywe hapo mwezi mzima.